Kontena la Futi Ishirini na Kitanda cha Mama

Yule dada wa kampuni ya kuhamisha mizigo alipotea vichochoroni. Ilinibidi nitoke nimfuate mpaka barabarani, nikamkuta amesimama mbele ya duka la vitambaa, mkoba mgongoni, utepe wa kupimia tayari mkononi kama mtu aliyekuja kunishonea nguo. Tukarudi naye kwa miguu. Njiani alikuwa akitazama juu, kwenye roshani zinazokaribiana, halafu chini, kwenye mawe, na mara moja akasimama akanyoosha mikono yote miwili. Ncha za vidole vyake zilikaribia kugusa kuta za pande zote.

"Lori haliingii hapa," akasema.

"Halijawahi," nikamwambia.

"Basi itakuwa mikokoteni mpaka barabara kubwa, kisha lori dogo mpaka Shimanzi. Kontena tutalipakia kwenye yadi yetu kule." Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa mtu wa bara, amezoea kazi za bandarini, na nilimpenda kwa sababu hakujifanya kwamba jambo ni jepesi.

Mume wangu ni fundi wa kreni. Alikuwa amepata kazi kwenye bandari moja ya Nyuzilandi, na waajiri wake wapya walikubali kulipia kontena moja la futi ishirini. Moja, si zaidi. Kwa hiyo miaka yetu yote katika nyumba ile, ghorofa ya juu tulimoishi mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, ilibidi iingie katika sanduku moja la chuma. Mama yangu aliishi nasi juu. Chini alikaa mdogo wangu wa kike na familia yake, na mama angebaki naye. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Mama mwenyewe ndiye aliyeliamua, kabla hatujapata nafasi ya kumwomba aje. Alisema kule ni baridi, na kwamba babangu yuko hapa. Babangu yuko makaburini.

Yule dada alimwamkia mama kwa heshima, mama akamwitikia marahaba na kumuuliza habari za watu wa kwao mmoja mmoja, kama anavyofanya kwa kila mgeni. Kisha kazi ikaanza.

Sikujua kwamba nyumba inaweza kupimwa namna ile. Kila kitu alikipima urefu, upana na kimo, akazidisha, akapata ujazo wake. Friji, karibu mita moja ya ujazo. Mashine ya kufulia, nusu mita hivi. Godoro kubwa, kidogo zaidi ya nusu. Kabati la nguo aliuliza kwanza kama linafunguka vipande vipande, maana kabati lililosimama limebeba hewa, na hewa nayo inalipiwa nafasi. Vitabu vyangu vya kufundishia aliviwekea maboksi madogo. Ukivitia katika boksi kubwa, alisema, hakuna mtu wa kuliinua. Maboksi makubwa ni ya mito, nguo na vyombo vya plastiki.

"Kontena lenyewe lina mita ngapi?" mume wangu akamuuliza.

"Ndani ni kama thelathini na tatu. Lakini hizo ni za maji. Ungekuwa unasafirisha maji, ungejaza zote. Samani zina miguu, zina migongo, zina pembe. Kwa vitu vya nyumbani mimi sipangi zaidi ya ishirini na saba."

Alipita chumba kwa chumba. Mwisho akafika mlangoni pa chumba cha mama, akasita.

"Humu hamna kitu cha kuhama," nikamwambia.

"Kimo kitu humu," mama akasema nyuma yetu. "Kitanda."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kitanda cha mama ni samadari ya mbao za msaji, ya zamani, ya miguu mirefu iliyochongwa na mbao ya kichwani yenye vioo vidogo. Ni kirefu kutoka chini kiasi kwamba tulipokuwa watoto tulipandia kigoda. Ndicho nilichozaliwa juu yake. Ndicho alichougulia babangu. Kila mwezi wa Shaaban mama hukipaka mafuta, kila nguzo na kila ua, na harufu ile ndiyo kwangu maana ya neno nyumbani.

"Mama, na wewe utalala wapi?"

"Vitanda vimejaa madukani. Mimi nimeshakilalia cha kutosha. Wende nacho." Kisha akamgeukia yule dada: "Hufunguka, mwanangu. Ni hesi tu za kukaza na kulegeza. Babake alikuwa akikifungua kila tukipaka chokaa."

Yule dada alinitazama, nikatazama chini. Akapiga magoti, akapima. Kikifunguliwa na kulazwa kibao juu ya kibao, na nguzo zikifungwa pamoja, kingekuwa mita moja na robo.

Jioni ile alituletea mpango. Jumla ilikuwa ishirini na tano na nusu. Tulikaa mezani sote, hata mama, yule dada akatuchorea kontena kama mstatili mrefu na kutueleza namna litakavyopangwa. Vizito kwanza, ndani kabisa na chini: friji, mashine ya kufulia, masanduku ya vifaa vya mume wangu, maboksi ya vitabu. Lakini uzito wote usikae upande mmoja wala nusu moja, kwa sababu kreni hulinyanyua kontena, na lililolemea upande mmoja huning'inia vibaya. Hapo mume wangu alitikisa kichwa kukubali, maana hayo ndiyo maisha yake. Kisha wangejenga ukuta baada ya ukuta, kutoka sakafuni hadi darini, kila ukuta ukibana ule wa nyuma yake, vyepesi vikipanda juu. Wasingemaliza kujaza chini yote halafu warudi juu. Mzigo unaoacha pengo utatembea baharini.

"Sasa niambieni," akasema, "siku ile kontena likifunguliwa kule, mnataka kuona nini kwanza? Kinachoingia mwisho ndicho kinachotoka mwanzo."

Watoto walitaka baiskeli. Mimi nilisema vyombo vya jikoni na magodoro ya watoto. Kisha nikasema kitanda cha mama.

"Hicho hata bila ya wewe kutaka ningekiweka mlangoni," akasema. "Wale watu wa kule ni wakali kwa mbao kuukuu. Wanaogopa wadudu. Tutakipiga dawa hapa kabla ya kufunga, lakini wakitaka kukikagua, ni afadhali wakione mara wafunguapo mlango kuliko kushusha mzigo wote."

Basi ikaandikwa hivyo. Kitanda cha mama kiwe cha mwisho kuingia, kisimamishwe kwa upana, kibao nyuma ya kibao, mlangoni kabisa. Nilikuwa na hamu moja ya kitoto ambayo sikumwambia mtu: usiku wa kwanza tukiwa na vitu vyetu, popote pale, nilale juu yake.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuagana. Kwetu watu hawaagi mikono mitupu. Shangazi alileta majamvi mawili. Mke wa mjomba alileta sufuria la pilau la kupikia watu hamsini, nikamuuliza nitawapata wapi hao watu hamsini, akanijibu kwamba watu hupatikana palipo na sufuria. Jirani alileta kiti cha mwana, mtoto wake wa mwisho alikuwa ameshakizidi. Sikuweza kumwambia mtu yeyote kwamba mapenzi yake ni robo mita ya ujazo. Kila kilipokuja kitu nilimpigia simu yule dada, naye alikiongeza. Mwisho akasema: "Dada, tumefika ishirini na saba kamili. Sasa mtu akileta kitu, mpe na yeye kitu aende nacho."

Siku ya kupakia, mahamali walifika baada ya sala ya alfajiri na mikokoteni yao. Nilikuwa nimejiandaa kwa uchungu wa kuona nyumba ikitoka vipande vipande, lakini kilichonipata hasa ni sauti. Nyumba ilibadilika sauti. Mazulia yalipotoka, maneno yetu yakaanza kugonga kuta. Watoto wakapiga makelele ili wasikie yakiwarudia, na mdogo wangu akawafokea, kisha akaenda jikoni na kujifungia.

Mama ndiye aliyewaonyesha wafungaji mizigo namna ya kukifungua kitanda. Alishika kila hesi mwenyewe, akazitia zote katika kifuko cha kitambaa, akakifunga kwenye nguzo ya kichwani. Mahali kilipokuwa kimesimama palikuwa na alama nne sakafuni, nyeupe kuliko saruji nyingine. Alipafagia.

Tulikwenda Shimanzi mimi na mume wangu. Mama alisema atakuja baadaye na chakula cha wafanyakazi. Kontena lilikuwa juu ya trela, milango wazi, na wakati lilipokuwa tupu nilipanda ndani. Lilikuwa na joto na harufu ya chuma na ya mizigo ya watu wengine. Nilitembea mpaka mwisho. Nilifikiri: litatosha, mbona ni kubwa hivi.

Kazi ilianza vizuri. Friji na mashine zilikwenda ndani kabisa, upande kwa upande, maboksi ya vitabu yakajaza katikati, vifaa vya mume wangu vikatandazwa chini kuelekea mlangoni ili uzito ugawanyike. Meza iligeuzwa miguu juu na maboksi yakatiwa baina ya miguu. Vijana wale walikuwa wanajenga kweli. Msimamizi wao alisimama nje na mpango mkononi, akiita kila kitu kwa namba yake. Yule dada aliyepima alikuwepo naye, na afisa wa forodha alikaa kivulini akisubiri kutia lakiri ya kufungia milango mwishoni.

Kisha likaja sofa letu kubwa.

Kwenye mpango lilikuwa lisimame wima, kwa sababu sofa lililosimama linakula nafasi ndogo ya sakafu. Urefu wake ulikuwa mita mbili na kidogo, na dari ya kontena iko juu zaidi ya hapo. Lakini likiwa limefungwa mablanketi na makaratasi mazito, na mgongo wake mpana, halikuweza kugeuzwa. Walilinyanyua upande mmoja, pembe ya juu ikagonga dari. Wakalitoa wajaribu kuliingiza likiwa limesimama tayari. Mlango ni mfupi kuliko dari, likagonga juu ya mlango. Wakajaribu tena kwa kulilaza ubavu. Lingeweza kusimama mle ndani, ila hapakuwa na njia ya kulisimamisha.

"Nilipima urefu," yule dada akasema polepole. "Sikupima linavyozunguka."

Walilivua mablanketi, bado. Miguu yake ilikuwa ya kugundishwa, haikutoka. Mwishowe msimamizi aliamua lilazwe, na juu yake pawekwe vyepesi tu, mito na matandiko, maana kizito kingelivunja. Kazi ikaendelea. Kwa muda nilisahau. Lakini nilimwona yule dada akipanda ndani mara kwa mara na utepe wake, akipima umbali uliobaki mpaka mlangoni, kisha akitazama vilivyobaki nje.

Mama alifika kwa tuktuk wakati wa adhuhuri, na mahamri, mbaazi na birika kubwa la chai. Wafanyakazi wakakaa wakala. Wakampa kiti cha plastiki, akakaa kivulini karibu na mlango wa kontena, buibui yake imekunjwa magotini, akitazama ukuta wa mali yetu kama mtu anayetazama picha.

Yule dada alituita mimi na mume wangu pembeni.

"Haviingii vyote," akasema. "Imebaki kama nusu mita kutoka mlangoni, basi. Sofa limekula nafasi. Nje kuna maboksi ya jikoni, magodoro ya watoto, baiskeli na kitanda cha mama. Kitanda kikiingia, vingine vyote vinabaki. Vingine vikiingia, kitanda kinabaki. Nimepanga kila namna kichwani."

"Na tukitoa lile sofa?" mume wangu akauliza.

"Liko nyuma ya kuta mbili. Tukianza kubomoa hatutawahi kufika bandarini kabla hawajafunga kupokea mzigo wa meli hii. Na ninyi ndege yenu ni kesho kutwa, hamtakuwepo kupakia tena."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mchoro ule haukunionyesha. Vitu nilivyovipenda zaidi ndivyo nilivyoviweka mwisho, ili nivione kwanza. Na nafasi inapokwisha, haimalizikii ndani kabisa, penye mashine ya kufulia na vitabu vya hesabu za darasa la sita. Inamalizikia mlangoni. Kila nilichokuwa tayari kukiacha kilikuwa kimeshakaa salama, kimebanwa, hakiguswi.

"Acheni vyombo," nikasema. "Vyombo vitanunuliwa. Magodoro yatanunuliwa. Kitanda kiingie."

Mume wangu alinishika kiwiko. Alikuwa anajua hesabu yetu ya mwezi wa kwanza kule, na mimi pia niliijua. Lakini hakusema hapana. Alisema tu, "Ukitaka hivyo, ni hivyo." Msimamizi akawaita vijana wawili, wakakiendea kibao cha kichwani.

"Kiateni kibaki," mama akasema.

Hakuwa amepaza sauti, lakini wale vijana walisimama. Tulikuwa tumedhani tunazungumza mbali naye. Alinyanyuka, akaja akasimama baina yangu na mlango wa kontena.

"Wana wako walale sakafuni kwa baridi ile, wewe umelalia vioo na maua?"

"Mama, wewe ndiye uliyesema niende nacho."

"Nalisema kukiwa na nafasi. Yeo hakuna." Akamgeukia msimamizi. "Baba, tia vya watoto. Tia vyungu. Hiki nirudishieni kwangu."

"Mama," nikasema, na sauti yangu ikakatika mbele ya watu, mbele ya afisa wa forodha na wale vijana wenye vikombe vya chai mikononi. "Mama, sitaki kwenda bila kitu chako."

Alinyoosha mkono akanifuta vumbi shavuni kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifanyia utotoni kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani.

"Wewe ndiwe kitu changu," akasema. "Haya. Watu wana kazi."

Wakaingiza magodoro, wakaingiza maboksi ya jikoni, baiskeli mbili zikabebwa juu kabisa zimefungwa kamba kwenye pete za ukutani. Waliacha mifuko ya kufyonza unyevu ikining'inia, maana kontena hutoka jasho likivuka bahari. Milango ikafungwa, vyuma vikageuzwa, afisa wa forodha akatia lakiri na kusoma namba yake kwa sauti. Trela likaanza kuondoka. Nilitazama nyuma yake likitoka getini, na mama alinishika mkono, na kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta wa ghala nyuma yetu.

Kitanda kilirudi kwa njia ile ile: lori dogo, kisha mkokoteni. Hilo nalo nitalikumbuka. Asubuhi majirani walikuwa wamesimama milangoni wakituombea dua, wengine wakilia. Alasiri wakaona kitanda kinarudi. Bibi wa nyumba ya pembeni akapiga kigelegele kutoka dirishani. "Wameghairi! Wameghairi safari!" Watoto wa kichochoroni wakaanza kukimbia mbele ya mkokoteni. Ilinibidi nisimame kila mlango kueleza kwamba hapana, tunakwenda, ni kitanda tu. Nyuso zilikuwa zinafunguka halafu zinajifunga. Kwa mlango wa tatu nilishindwa, mdogo wangu akashuka akaeleza kwa niaba yangu.

Tulikiunga tena pamoja, mama, mdogo wangu na mimi. Mume wangu alikaza hesi. Miguu minne ilikaa juu ya zile alama nne bila kutafuta. Ghorofa yetu yote haikuwa na kitu kingine cha kulalia ila mikeka, na mama akaniambia nipande nijinyooshe, nimekuwa na uso wa maiti tangu asubuhi. Nikapanda. Akapanda na yeye upande wa pili. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha, na watoto wa madrasa ya jirani walikuwa wakisoma kwa pamoja, sauti zao zikiingia dirishani. Tulilala chali kama wagonjwa wawili, tunatazama boriti.

"Ulikuwa wataka kiende kweli?" nikamuuliza.

Alinyoosha mkono akashika nguzo ya kichwani.

"Nalitaka wende nacho," akasema. "Na nalitaka kisende. Usiku nalikuwa nikilala nikikishika nguzo, nikisema, kitamlaza mwanangu huko. Na asubuhi nikisema, sasa mimi nitakuwa mgeni chumbani mwangu." Akacheka kidogo kwa pua. "Sofa limenifanyia wema, na mimi sikuwahi kulipenda."

Nilicheka mpaka nikalia. Sijui nililala saa ngapi. Nilipoamka alikuwa amenifunika leso yake, na mkono wake ulikuwa juu ya nywele zangu, na hakuwa amelala.

Hayo yote yana umri sasa. Kontena lilichukua wiki nyingi kufika. Tulikuwa tumeshapanga nyumba ya mbao kwenye mlima, tunalalia magodoro ya kuazima kwa mfanyakazi mwenzake mume wangu, tunavaa soksi mbili mbili. Siku waliyolileta, gari la wakaguzi wa mimea na wadudu lilifika nalo. Lakiri ikakatwa, milango ikafunguliwa, na kabla sijaona chochote, harufu ikatoka. Sikuwa nimeipakia. Haikuwa kwenye mpango wowote. Ilikuwa harufu ya nyumba yetu, udi na mafuta ya nazi na saruji yenye chumvi, imekaa gizani wiki zote hizo, na upepo wa mlima ule ukaipitia mara moja tu na kuichukua.

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye glavu. Alitazama magurudumu ya baiskeli, tulikuwa tumeyaosha mpaka yanang'aa. Alitaka kuona kila cha mbao. Akafungua boksi la kwanza la jikoni, akatoa mbuzi ya kukunia nazi, akaigeuza huku na huku. Aliona kigoda kinachokunjika na ulimi wa chuma wenye meno, akaniuliza hii ni nini. Nilimweleza kwa maneno, hakuelewa. Basi niliifungua, nikaiweka kwenye majani mbele ya nyumba, nikaikalia, na kwa mikono mitupu nikamwonyesha: unashika kifuu hivi, unakizungusha hivi, unakuna kutoka pembeni kwenda katikati.

Mikono yangu ilikuwa inajua. Ilizunguka, ikazunguka, na hapakuwa na nazi. Mkaguzi alitabasamu, akasema ameelewa, akaandika kitu. Lakini mimi sikuacha. Niliendelea kukuna hewa ya mahali pale, mume wangu na watoto wamesimama na maboksi mikononi, mpaka mtoto wangu mdogo akaweka boksi lake chini, akaja akakaa kwenye majani mbele yangu, akakinga viganja vyake viwili chini ya ule ulimi, pale sahani inapokaa.

Nikakuna mpaka viganja vyake vikajaa. Kisha nikanyanyuka, tukaendelea kushusha mizigo.